Wateja waliopotea ndani ya NOT IN

Jumatatu iliyopita mdogo wetu mmoja, ana wiki ya tatu tu hapa ofisini Kirumba, Mwanza, aliniletea karatasi ya wateja ambao hawajanunua kitu ndani ya siku 30. Karatasi ilikuwa nyeupe. Akaniambia kwa furaha, "Kaka, wote wamenunua!" Nilimpenda kwa furaha ile, lakini moyo ulinipasuka, kwa sababu karatasi kama ile niliwahi kuibeba mimi mwenyewe kwa wiki tisa. Nawaandikia ninyi mnaoanza kabla hamjaibeba na ninyi.

Kazi yenyewe mnaijua. Tuna jedwali la `wateja`, tuna jedwali la `mauzo`, na tunamtaka aliyepo kwenye la kwanza ambaye kwenye la pili hayupo. Hiyo ndiyo antijoini. Afisa mauzo akishaipata orodha anapiga simu, na asipopokelewa anapanda boti kwenda kisiwa cha Kome au Ukara kuuliza kulikoni. Kwetu tunaouza nyavu, maboya na taa za dagaa, mteja akinyamaza mara nyingi ameshapata duka lingine.

1. Acheni `NOT IN` yenye kwiri ndani yake.

Kwiri yangu ya zamani ilikuwa hivi, na ya mdogo wetu ilikuwa hivihivi:

```sql
SELECT id, jina
FROM wateja
WHERE id NOT IN (
  SELECT mteja_id FROM mauzo
  WHERE tarehe >= CURRENT_DATE - 30
);
```

Ukiisoma haina kasoro. Na kweli, ilinifanyia kazi miezi mingi bila tatizo, kila Jumatatu ikileta majina, nami nikaacha kuiangalia. Kisha kaunta ikaanza kurekodi pia mauzo ya wapita njia: mtu anaingia, ananunua kamba mita ishirini, analipa taslimu, anaondoka. Huyo hana namba ya mteja, kwa hiyo kwenye `mauzo` safuwima ya `mteja_id` inabaki `NULL`. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Jumatatu iliyofuata orodha ikatoka tupu. Mwezi uleule tulikuwa tumeshusha bei ya nyavu, basi maelezo yakawa tayari mdomoni: bei imewarudisha watu wote. Nililisema hilo kwenye kikao. Bosi akafurahi, akawahamishia maafisa mauzo wawili kwenye kutafuta wateja wapya, maana wa zamani "wako salama". Wiki ya pili tupu. Wiki ya tatu tupu. Kufikia hapo nilikuwa naitarajia tupu, na nisingeelewa kama ingetoka na jina.

Wiki ya tisa nilikuwa mwaloni asubuhi, watu wanashusha magunia ya dagaa, nikakutana na mama mmoja wa Ukara ambaye alikuwa akinunua taa kwetu tangu sijaajiriwa. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, halafu akanishika mkono hakuuachia. "Mwanangu, kwani nimewakosea nini? Taa zangu mbili ziliungua, nikasema vijana wa dukani watapiga simu kama kawaida yao. Hamkupiga. Nimekosa giza zima. Nikaenda kununua kwingine." Aliyekosa giza zima amekosa mapato ya mwezi, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi, na mwezi ukishakuwa mkubwa mitumbwi inapumzika. Sikuwa na la kumjibu. Nilimwomba radhi, nikarudi ofisini kwa miguu.

Nilimtafuta kwenye `mauzo`. Ununuzi wake wa mwisho ulikuwa wa wiki kumi nyuma. Alipaswa kuwemo kwenye orodha. Nikaiendesha kwiri kwa namba yake peke yake kwa `NOT IN`: sifuri. Nikasema basi labda mfumo unamwona amenunua, nikabadilisha kuwa `IN`: nayo sifuri. Nilikaa kimya mbele ya skrini. Mtu yuleyule hayumo, na pia si kwamba hayumo. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa sababu SQL haina majibu mawili, ina matatu: kweli, si kweli, na haijulikani. Tuchukue mfano mdogo. Mauzo ya siku 30 yana namba tatu tu: 4, 9 na `NULL`. Mama wa Ukara ni namba 118. `118 NOT IN (4, 9, NULL)` maana yake ni: 118 si 4, na 118 si 9, na 118 si `NULL`. Mawili ya kwanza ni kweli. La tatu halijulikani, kwa sababu `NULL` ni thamani tusiyoijua, na huwezi kuapa kwamba kitu usichokijua si 118. Kweli pamoja na haijulikani ni haijulikani. Na `WHERE` hupitisha mstari ulio kweli tu. Usiojulikana huachwa kama ule usio kweli. Sasa mchukue mteja namba 4, aliyenunua: yeye jibu lake ni si kweli, naye anaachwa. Kwa hiyo aliyenunua haonekani, na asiyenunua haonekani. `NULL` moja tu ya mpita njia aliyenunua kamba inatosha kufuta orodha nzima, uwe na wateja mia nne au elfu nne. Na hakuna ujumbe wa kosa, kwa sababu kwa sheria za SQL hakuna kosa lililofanyika.

Niliongeza `AND mteja_id IS NOT NULL` ndani ya mabano. Yakatoka majina 125 kati ya wateja 412. Niliyasoma moja moja. Wengine nilikuwa nawajua kwa sauti. Siku ile nilimwendea bosi nikamweleza yote, pamoja na kile nilichosema kikaoni, na maafisa wakarudishwa kwenye simu asubuhi yake. Baadhi ya wale 125 walirudi. Mama wa Ukara hakurudi, na nina uchungu naye hadi leo.

Andikeni hivi:

```sql
SELECT w.id, w.jina
FROM wateja w
WHERE NOT EXISTS (
  SELECT 1 FROM mauzo m
  WHERE m.mteja_id = w.id
    AND m.tarehe >= CURRENT_DATE - 30
);
```

Hapa `NULL` haina nguvu. Mstari wa mpita njia ukilinganishwa na 118 haujulikani, hivyo hauhesabiki kama umepatikana, na `EXISTS` inauliza swali moja tu: kuna mstari uliopatikana au hakuna? Haina jibu la tatu.

2. Hesabuni pande zote mbili kabla ya kutuma.

Walionunua, jumlisha wasionunua, sawa na wateja wote. Kwangu ilikuwa 287 na 125, jumla 412. Zile wiki tisa ningefanya hesabu hii ningeona 287 na 0, na mtoto wa darasa la pili angeniuliza wale watu 125 wameenda wapi. Walionunua wahesabuni kwa `COUNT(DISTINCT m.mteja_id)`, maana mtu mmoja anaweza kuja mara sita kwa mwezi.

3. Mkitumia `LEFT JOIN`, tarehe ikae kwenye `ON`.

```sql
SELECT w.id, w.jina
FROM wateja w
LEFT JOIN mauzo m
  ON m.mteja_id = w.id
 AND m.tarehe >= CURRENT_DATE - 30
WHERE m.id IS NULL;
```

Hii ni sahihi kabisa, na kuna wanaoipenda kuliko `NOT EXISTS`. Lakini nimeona watatu kati yenu mkiishusha tarehe kwenye `WHERE`, mkijiona mmepanga vizuri. Mteja asiye na mauzo, upande wake wa `mauzo` wote ni `NULL`, na tarehe nayo ni `NULL`. Ukidai tarehe iwe ya siku 30 zilizopita unamfukuza huyohuyo uliyekuwa unamtafuta, na unarudi kwenye karatasi nyeupe kwa njia nyingine. Ukiiondoa tarehe kabisa, unapata wale ambao hawajawahi kununua tangu waandikishwe, na hilo ni swali jingine. Na kwenye `IS NULL` tumieni safuwima isiyoweza kuwa tupu, kama `m.id`. Mwenzenu mmoja alitumia `m.maelezo`, ambayo kaunta huijaza wakipenda, akawapigia simu watu waliokuwa wametoka kununua jana yake. Mzee mmoja wa Igombe alimuuliza kwa upole kama nyavu zile zina kasoro wanataka kuzirudisha.

4. Antijoini haijui kwamba namba mbili za simu ni mtu mmoja.

Orodha ikitoka tupu imekuficha watu. Ikitoka ndefu kupita kiasi, ujue funguo hazifanani. Hili hutupata tukipokea orodha ya wateja wa kisiwani kwenye Excel, ambako hakuna `mteja_id` na tunalinganisha kwa simu. Upande mmoja namba inaanza na 0, mwingine na 255, na Excel ikiichukulia kama tarakimu inaikata ile 0 ya mbele. Kwa kompyuta hao ni watu watatu, na wote "hawapo". Ondoeni nafasi na alama ya kujumlisha, kisha linganisheni tarakimu tisa za mwisho pande zote:

```sql
RIGHT(REPLACE(REPLACE(simu, ' ', ''), '+', ''), 9)
```

Safuwima ya simu iwe ya maandishi kwanza. Majina msiyatumie kabisa kama ufunguo. Hapa Kanda ya Ziwa akina Masanja waliopo kwenye jedwali letu wanajaza mtumbwi.

5. Geuzeni pia upande wa pili.

Mauzo ambayo mteja wake hayupo kwenye `wateja`: kwiri ileile ya `NOT EXISTS`, majedwali yamebadilishana nafasi na sharti la tarehe limetolewa nje ya mabano. Ningeiendesha mara moja tu ningewaona wapita njia wote wa kaunta wakiwa wamejipanga na `NULL` zao, wiki ya kwanza.

6. Siku 30 ni za nani?

Mwezi wa angani una siku kama 29 na nusu. Mvuvi wa dagaa aliyenunua mwanzoni mwa giza moja anaweza kurudi mwanzoni mwa giza linalofuata, na akichelewa siku mbili tayari yumo kwenye orodha yenu bila kosa lolote. Ndiyo maana kwa wateja wa taa tunatumia siku 45, na kwa wa nyavu za sato tumebaki na 30. Mkiweka siku 14 kama alivyotaka mmoja wenu mwezi jana, mtampigia simu kila mwenye karabai mbalamwezi ikiwa imewaka, naye amelala zake nyumbani.

Ile karatasi nyeupe ya Jumatatu tuliirudia pamoja, mimi na mdogo wetu, kiti kimoja pembeni ya kingine. Yalitoka majina 63, na walionunua ni 398. Wateja wote sasa ni 461. Kabla ya saa nane mchana alikuwa ameshapiga simu 20, na wa kwanza kabisa kupokea, wa Nansio, alikuwa anasubiri apigiwe ili aagize maboya.