Risiti Unayo, Lakini Gharama Haikubaliki

Wiki iliyopita dada mmoja wa Morogoro, mwenye malori mawili ya kubeba saruji, aliniandikia: "Kaka, faini za barabarani nalipa kwa namba ya malipo ya serikali, risiti zote ninazo. Mbona mhasibu wangu anazitoa kwenye gharama?" Nilisoma ujumbe ule mara mbili. Swali hilohilo lilinigharimu shilingi milioni 4.2 na miezi ya kukosa usingizi, na hadi leo nikipita mbele ya ofisi ya kodi moyo unanidunda.

Kampuni yangu husafirisha viazi na vitunguu kuleta Dar es Salaam. Mwaka ule wa kwanza kukaguliwa nilikwenda kifua mbele. Nilikuwa na mafaili manne, kila karatasi mahali pake. Nilijua wenzangu wengi wanaangushwa na kukosa risiti za EFD, na mimi nilizikusanya kama mtu anayekusanya hati za viwanja. Ofisa aliyenihudumia alikuwa mama mtaratibu, hakupandisha sauti hata mara moja. Alifungua faili la tatu, akachora mstari kwa penseli kwenye kurasa kadhaa, akaniuliza: "Baba, hii hela ilitoka, naiona. Ilikusaidiaje kupata mapato?"

Sikuwa na jibu.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kifungu cha 11, inaruhusu gharama iliyotumika yote, na kwa ajili hiyo tu, kuzalisha mapato ya biashara. Risiti inathibitisha kwamba umelipa. Haithibitishi kwamba ulilipa kwa sababu ya mapato. Kifungu hichohicho kinataja gharama ambazo hazikubaliki hata ukiwa na risiti ya dhahabu: rushwa, faini na adhabu unazolipa serikalini kwa kuvunja sheria, kodi ya mapato yenyewe, na matumizi yako binafsi na ya familia yako.

Hebu nikupe hesabu yangu yenyewe. Vitabu vilionyesha faida ya milioni 40. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo niliwasilisha milioni 12. Ndani ya gharama zangu kulikuwa na faini za trafiki na za kuzidisha uzito kwenye mizani, milioni 5. Kulikuwa na zawadi na michango, milioni 3. Kulikuwa na chakula, vinywaji na vyumba vya hoteli kwa wageni, milioni 6. Jumla milioni 14. Yule mama hakuzifuta kwenye vitabu vyangu, maana hela kweli ilitoka. Alichofanya ni kuzijumlisha tena juu ya faida, kwenye ukokotoaji wa kodi. Milioni 40 ikawa 54, na kodi ikapanda kutoka milioni 12 hadi 16.2. Juu ya hapo ikaja adhabu, na adhabu hiyo nayo, kama ulivyokwisha kuelewa, haikubaliki kuwa gharama mwaka unaofuata.

Nilibishana zaidi kwenye faini. Nikamwambia lori haliwezi kutembea mwaka mzima bila faini, ni sehemu ya kazi. Akanijibu kwa mfano ambao sijausahau. Faini ya milioni moja ikikubaliwa kuwa gharama, kodi yangu inapungua kwa laki tatu. Maana yake serikali iliyonitoza faini inanirudishia karibu theluthi yake, na anayebeba mzigo ni mlipakodi mwenzangu aliyepakia uzito halali. Adhabu inakuwa punguzo la bei. Hapo nilinyamaza, maana ni kweli tulikuwa tukipakia gunia za ziada makusudi, tukipiga hesabu kwamba faini ni ndogo kuliko faida.

Lakini dada yangu, usitupe kila kitu kapuni. Tazama nani analipwa na kwa nini. Ada ya maegesho ni malipo ya huduma, inakubalika. Faini ya kutolipa maegesho haikubaliki. Mteja akikukata fedha kwa sababu mzigo wake ulichelewa kama mkataba unavyosema, hiyo si faini ya serikali. Ni hasara ya biashara, na unaweza kuidai ukiwa na mkataba na barua ya makato. Mimi nilikuwa nimeweka vyote hivyo kwenye akaunti moja iliyoitwa "Faini na Makato", na ilinichukua wiki mbili kuvitenganisha.

Na ile "chai" ya barabarani? Ni rushwa, sheria imeitaja kwa jina. Kuibadilisha jina ukaiita "posho ya dereva" ni kuongeza uongo juu ya kosa. Acheni.

Zawadi ziliniuma kwa namna nyingine. Kulikuwa na mbuzi wa sikukuu kwa wateja wangu wakubwa, na michango ya harusi niliyoilipa kwa akaunti ya kampuni kwa sababu kadi iliandikwa jina la kampuni. Nani kwetu anakataa mchango? Lakini mchango wa harusi hutolewa na mtu, kwa undugu, na mbuzi hana jina la kampuni mgongoni. Sheria haiwezi kutenganisha ukarimu wangu na biashara yangu, kwa hiyo inauhesabu kuwa matumizi yangu. Kalenda na fulana zenye nembo, ulizogawa kwa wateja wote, ni matangazo, na hizo zilipita. Msaada kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa nao una nafasi yake, ila una kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya biashara.

Burudani ndiyo ngumu kuliko zote, maana ukila na mteja, wewe pia umeshiba. Ofisa aliona risiti ya hoteli ya Jumamosi usiku, watu sita, bila jina la mteja hata mmoja. Angeamini vipi? Kwenye VAT mlango umefungwa waziwazi zaidi: hudai kodi ya manunuzi kwenye burudani, isipokuwa kama burudani ndiyo biashara yako. Chakula cha mchana cha wafanyakazi wote, kinachopikwa pale yadi, ni jambo tofauti kabisa. Hicho ni gharama ya kuendesha kazi, na sikukatwa hata shilingi.

Siku hizi nina akaunti mbili za pembeni, "Faini" na "Zawadi na Ukarimu", na kila mwezi fedha ikitoka naiandika humo palepale, pamoja na jina la aliyepokea na sababu. Ninapokadiria kodi ya robo mwaka tayari nimeshaziongeza juu ya faida, kwa hiyo hakuna kitu kinachonishtua Juni ninapowasilisha ritani ya mwaka. Michango ya harusi inatoka mfukoni mwangu. Mwaka jana nilikaguliwa tena, na nasema kwa fahari: hawakuongeza kitu.

Jambo moja la mwisho kwa wanaoniuliza bila kuwa na kampuni. Kama wewe ni mtu binafsi na unalipa kodi kwa kukadiriwa kwa mauzo, yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka, faini zako hazibadilishi kodi yako, kwa sababu hesabu yako haianzi na faida. Dada wa Morogoro, wewe umeshasajili kampuni. Mhasibu wako yuko sahihi. Mwombe akuonyeshe ule ukurasa wa ukokotoaji, na uangalie kama makato ya wateja hajayaweka pamoja na faini.