Gauni jekundu, shingo ya kijani

Swali: Nimebadilisha gauni la kijani kuwa jekundu kwenye Photoshop. Nguo imetoka safi, ila kidevu na shingo vina ukijani kama mgonjwa. Mbona sijagusa ngozi?

— Badili White Balance tu, itaisha.

— Hapo umepatia nusu. Shingo itapona, lakini paji la uso lisilo na kosa litageuka la waridi. Ukijani huo ulikuwepo tangu picha inapigwa: gauni lilirudisha mwanga wake chini ya kidevu. Jicho lilikubali kwa sababu nguo ilikuwa ya kijani.

Ongeza leya ya Curves, jaza maski yake rangi nyeusi, kisha paka nyeupe kwa brashi laini kidevuni na shingoni tu. Chagua Green, shusha mstari katikati taratibu huku ukitazama Info. Tuseme paji linasoma R 170, G 122, na kidevu R 118, G 108. Uwiano wa paji unataka G ya kidevu iwe karibu 85. Mimi ningeshuka hata 82, maana gauni jekundu la kweli lingemwaga wekundu kidogo pale.

— Yangu ni uso mzima kuwa zambarau.

— Hilo ni jingine. Hue/Saturation yako haina maski, imegeuza na ngozi.

— Na vinyweleo vya shingoni? Vyangu bado vina kijani.

— Hivyo hata mimi vinanisumbua.