Mzee kuamka saa 9 usiku: uzee au ugonjwa?

"Wakuu, habari. Mama yangu ana miaka 70. Saa 2 usiku yupo kitandani, saa 9 yupo macho, hapo hakuna kulala tena. Kelele kidogo tu anashtuka. Mchana anasinzia kwenye kiti, juzi kalala katikati ya maongezi na wageni. Duka la dawa wamesema nimpe vidonge vya usingizi. Ni uzee tu au kuna kitu?"

Mkuu, vidonge hivyo viache kwanza dukani. Mimi nilivinunua, na nitakueleza vilitufikisha wapi.

Mimi si daktari. Nimeishi na baba yangu miaka 5 sasa tangu alipohamia kwangu Morogoro kutoka Tabora, mstaafu wa reli, alipofika alikuwa na miaka 74. Yeye alinipa somo hili mara mbili: mara ya kwanza usingizi wake ulikuwa wa uzee nikauona ugonjwa, mara ya pili ulikuwa ugonjwa nikauona uzee.

Alipokuja, taarifa ya habari ya saa 2 haikumalizika bila kichwa chake kuanguka kifuani. Saa 2 na nusu yupo kitandani. Saa 9 usiku nasikia mlango wa uani, kisha ufagio. Anafagia uwanja gizani. (Mnaoishi uswahilini mnajua mzee anayeonekana uani saa 9 za usiku huitwa nani. Jirani mmoja alianza kuniangalia vibaya, ikabidi nimwombe mzee afagie kukipambazuka.) Yeye mwenyewe alilalamika: "Mwanangu, sijui usingizi tena. Usiku mzima mang'amung'amu tu."

Dada yangu akasema apewe diazepamu. Nikaipata bila cheti, jambo ambalo halikupaswa kuwezekana. Usiku wa kwanza alilala vizuri, wa pili vizuri. Siku ya tano asubuhi ulimi ulikuwa mzito, akayumba akienda bafuni, akaanguka. Nyonga ilivilia damu, ila mfupa haukuvunjika, tunashukuru. Daktari aliyempokea alinieleza kitu ambacho sijakisahau: dawa ile kwa kijana wa miaka 20 huchukua karibu saa 20 nusu yake kutoka mwilini, na kwa mzee muda huo hurefuka kadiri ya umri, hata saa 70 au 80. Kwa hiyo kidonge cha jana hakijatoka, unaongeza cha leo juu yake, na kesho kingine. Siku ya tano mzee alikuwa na mrundikano wa dawa mwilini. Msione vidonge vya mafua vinavyosinzisha ni vya upole, navyo humchanganya mzee kichwa, na mwenye tezi dume vinaweza kumziba mkojo kabisa. Ila kama mzee ameshatumia diazepamu kwa wiki nyingi, msiikate ghafla, daktari aipunguze taratibu.

Daktari huyo hakuandika dawa nyingine. Alitaka daftari. Kwa wiki 2 niandike mzee kaingia kitandani saa ngapi, kaamka mara ngapi na kwa sababu gani, kaamka moja kwa moja saa ngapi, na mchana kalala muda gani. Nilidhani ananiondoa kistaarabu. Kumbe daftari ndilo lilikuwa kipimo.

Hesabu ilikuwa hivi. Usiku alilala kuanzia kama saa 3 hadi saa 9, yaani saa 6, akikatizwa mara moja kwenda kukojoa. Mchana baada ya wali alilala saa 1 na nusu. Jumla saa 7 na nusu. Mtu wa umri wake huhitaji kama saa 7 hadi 8. Mzee "asiyelala" alikuwa analala vya kutosha! Tatizo ni kwamba alikuwa analala mapema, halafu baada ya saa 9 alibaki kitandani au uani akisubiri adhana, na ule muda wa kusubiri ndio aliouita kukosa usingizi.

Kuhusu wepesi wa usingizi, nilivyoelezwa ni kwamba ule usingizi wa pono, ambao ukimbeba mtoto hata ukimhamisha chumba hajui, hupungua taratibu tangu ujana. Mzee hubaki zaidi na usingizi wa juu juu, ndiyo maana paka akiruka kwenye bati yeye kashaamka. Na saa ya ndani ya mwili husogea mbele: usingizi humjia mapema na kumtoka mapema. Mzee mzima wa afya akikaa kitandani kwa muda wa saa 8, kama saa 6 na nusu tu ndizo za kulala kweli, zilizobaki ni za kugeuka geuka. Huo ni uzee, hauna dawa na hauhitaji dawa.

Tulichofanya ni kuisogeza ile saa. Usingizi wa mchana ukawa nusu saa, usipite saa 9 alasiri. Kuanzia saa 11 jioni anakaa barazani mpaka jua lizame, kwa sababu mwanga wa jioni huuchelewesha usingizi. Ndani taa haizimwi mapema. Muda wa kitanda tukausukuma nusu saa kila baada ya siku chache hadi saa 4. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu, alinuna kweli, akasema namtesa. Baada ya kama wiki 3 akawa analala saa 4 na kuamka saa 10 na kitu alfajiri. Usingizi haukuongezeka hata nusu saa. Ulihama tu, na malalamiko yakaisha.

Sasa somo la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike uzi mrefu hivi.

Mwaka mmoja na kitu baadaye alianza kuamka tena, saa 6, saa 8, saa 9, saa 11. Kila akiamka ni chooni. Nikasema mzee wa miaka 75, tezi dume hiyo, na tezi dume ni uzee. Nikakaa kimya miezi 2. Kilichonishtua ni mchana: alikuwa anasinzia saa 4 asubuhi akiwa na redio mkononi, na yeye hakuwa mtu wa kulala asubuhi. Nikarudi kwenye daftari, na zahanati wakanishauri nipime mkojo kwa jagi la plastiki lenye alama, siku 2.

Namna ya kupima ni hii. Mkojo wote tangu anapolala hadi ule wa kwanza wa asubuhi ni wa usiku, uliobaki ni wa mchana. Baba siku ya kwanza alitoa kama mililita 1,600 kwa saa 24, na 850 zilikuwa za usiku. Zaidi ya nusu! Kwa mzee, usiku ukizidi theluthi moja ya jumla, basi mwili wenyewe unatengeneza maji mengi usiku. Halafu kila safari alijaza mililita 200 na zaidi. Tezi dume mara nyingi hutoa kidogo kidogo, mzee anasukuma na mkojo unakatika. Huyu alikuwa anakojoa vizuri kabisa, ila maji yalikuwa mengi.

Yalitoka wapi? Mke wangu ndiye aliyeona: soksi zilimwachia mtaro kwenye vifundo vya miguu. Ukibonyeza kidole, kishimo kinabaki. Maji yalikuwa yanashuka miguuni mchana kutwa akiwa amekaa, na akilala yanarudi kwenye damu, figo zinayatoa. Hapo hospitali walimpima sukari, figo, na moyo kwa kina, kwa sababu moyo unaochoka huanza hivyohivyo. Walimuuliza pia analalia mito mingapi, maana mwenye moyo mchovu hukosa pumzi akilala bapa. Moyo ulikuwa salama. Mkosaji alikuwa kidonge chake cha presha, amlodipini, ambacho kwa baadhi ya watu huvimbisha miguu. Daktari akambadilishia, akamwambia kila saa 10 jioni ajinyooshe saa nzima bila kusinzia, miguu ikiwa juu ya mito, ili maji yatoke kabla ya usiku. Ndani ya mwezi akarudi kwenye safari moja, siku nyingine mbili. Msije mkaacha dawa ya presha wenyewe kwa kusoma hapa, kiharusi hakingojei.

Kwa hiyo mimi siku hizi siulizi mzee kaamka saa ngapi. Nauliza mchana wake ukoje, na kipi kimebadilika. Aliyeamka saa 9 akashinda vizuri, anakula, anabishana siasa na wenzake, mwacheni. Anayeamka saa 9 moyo ukiwa mzito, hataki chakula, hataki hata wajukuu, huyo apelekwe akaangaliwe sonona, hasa kama kafiwa karibuni. Anayepiga ngumi na kupayuka akiwa bado anaota, naye apelekwe hata kama asubuhi anacheka, maana hiyo huweza kutangulia ugonjwa wa kutetemeka kwa miaka.

Sasa mama yako. Kulala saa 2 na kuamka saa 9 ni saa 7, hapo sina wasiwasi. Kushtushwa na kelele, sina wasiwasi. Kusinzia baada ya chakula, hata mimi. Ila kulala katikati ya maongezi na wageni si uzee, na mtu aliyelala saa 7 za kweli hapaswi kufanya hivyo. Usiku wa leo au kesho kaa karibu na mlango wake, au weka simu irekodi. Sikiliza kama anakoroma, kisha kimya kinaingia kwa sekunde 10 au zaidi, halafu anavuta pumzi kwa nguvu kama aliyetoka majini. Ukiisikia hiyo, koo linajiziba akilala na anaamka mara nyingi bila kujua. Mtu wa hivyo ukimpa kidonge cha usingizi unampunguzia hata ile nguvu ya kushtuka avute hewa. Rekodi hiyo nenda nayo hospitali, na uwatajie kama ana presha isiyoshuka au kichwa kinamuuma asubuhi.

Usipoisikia, njoo utuambie anakunywa dawa gani na saa ngapi, pamoja na hizo za kliniki. Kama kuna ya kukojoza anaimeza jioni, tuanzie hapo.