Jibu: Hasara kuganda kwenye 0.50

“Modeli yangu ya makundi 10 inapatia karibu kila picha ya mafunzo, lakini hasara imeganda kwenye 0.50 na uhakika karibu na 0.91. Tatizo nini?”

Habari ndugu. Angalia kwanza kama `CrossEntropyLoss` yako ina `label_smoothing=0.1`, yaani ulainishaji wa lebo. Kama ipo, modeli yako ni nzima kabisa. Ile 0.1 inagawanywa sawa kwa makundi yote 10, kwa hiyo lebo sahihi inalenga 0.91 badala ya 1, na kila moja ya zile 9 inapewa 0.01. Hata modeli ikigonga shabaha hiyo barabara, hasara haishuki chini ya 0.50. Ikijiamini hadi 0.99, hasara inapanda kufika kama 0.62, ndiyo maana modeli inarudi nyuma kwenye 0.91. Kwenye upimaji ondoa ulainishaji: uhakika uleule wa 0.91 utasomeka kama hasara ya 0.09 hivi.