Kabla ya Kutia Saini Ripoti ya Gati la Chuma

Kwenu wahandisi mlioanza kazi ya ukaguzi hivi karibuni,

Rasimu ya ripoti ya gati iliyofika mezani kwangu juma lililopita ina picha safi, majedwali yaliyopangwa vizuri na kosa lile lile nililolisoma katika rasimu za waliowatangulia. Nimeirudisha, na aliyeiandika tumekwisha kuketi pamoja. Hata hivyo, kwa kuwa wengine wenu mnajiandaa kushuka Mombasa kwa kazi ya namna hiyo, naona ni heri niwaeleze nyote kwa pamoja kuliko kumsubiri kila mmoja alirudie kosa hilo kwa zamu yake.

1. Safari hupangwa kwa kufuata bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, wala si kwa kufuata nafasi iliyopatikana kwenye treni. Sisi wa Nairobi hatuoni maji yakijaa na kupwa, kwa hiyo ni rahisi kufika pwani wakati wa maji mafu, ambapo maji hayapwi sana, tukapiga picha za nguzo kuanzia pale zinapochomoza majini, na kurudi tukiamini kwamba tumeziona. Sehemu inayoliwa na kutu vibaya zaidi mara nyingi iko karibu na kiwango cha chini kabisa cha maji kupwa. Wakati wa bamvua huonekana kwa muda mfupi tu, na wakati wa maji mafu hubaki imefunikwa mchana kutwa. Muulizeni nahodha yeyote wa mashua kabla ya kukata tiketi.

2. Unene wa nguzo haufanyiwi wastani kutoka juu hadi chini. Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu hapa ndipo rasimu ile ilipopotoka.

Gati lenyewe ni dogo, la kupakulia mizigo, lenye sakafu ya zege juu ya nguzo za bomba la chuma zenye kipenyo cha milimita 406 na unene wa awali wa milimita 9.5. Kwenye nguzo moja ya katikati mkaguzi wetu alipata milimita 8.6 katika eneo linalorushiwa maji na mawimbi, 8.9 katika sehemu iliyo chini ya maji wakati wote, na 5.6 katika ukanda wa maji kupwa. Akajumlisha, akagawanya kwa tatu, akapata 7.7, kisha akaandika kwamba nguzo imepoteza takriban asilimia 19 ya unene wake na kwamba hali yake ni “ya wastani”. Mzigo, hata hivyo, hupita katika kila sehemu ya nguzo hadi ufike ardhini, nao haupunguziwi chochote pale chuma kilipokuwa chembamba. Sehemu ya milimita 5.6 imebakiwa na asilimia 58 ya eneo lake la awali, na hiyo ndiyo inayoamua.

Tazameni sasa tofauti hiyo inavyokua inapofika kwenye mzigo wa juu. Kwa mujibu wa hesabu za usanifu, nguzo hiyo iliweza kubeba kwa usalama kN 1,000. Uzito wa zege na mihimili inayoiegemea ni kN 430, na eneo la sakafu linaloitegemea ni mita za mraba 36. Tukipunguza uwezo kwa uwiano wa eneo lililobaki, ambayo ni hesabu ya kwanza tu kabla ya kuchunguza kupinda kwa nguzo, wastani wa 7.7 unatupa takriban kN 807. Ukiondoa 430 na kugawa kwa 36, unapata kPa 10.5 za mzigo wa juu. Unene wa 5.6 unatupa kN 584, na hesabu hiyo hiyo inaishia kPa 4.3. Usanifu ulikuwa umeruhusu kPa 15. Zege halikupungua uzito chuma kilipoliwa, kwa hiyo hasara yote inaangukia mzigo wa juu: nguzo iliyopoteza asilimia 42 ya chuma chake imepoteza zaidi ya asilimia 70 ya kile kilichoruhusiwa kuwekwa sakafuni. Rasimu ile ingempa mwenye gati ruhusa ya kuweka zaidi ya mara mbili ya mzigo unaofaa.

Dalili zilikuwamo katika picha zake mwenyewe. Mabaka ya rangi ya machungwa, chini yake tope jeusi, na tope likishafutwa chuma kinang’aa kikiwa na vishimo. Hiyo ni kutu ya kasi ya ukanda wa maji kupwa, inayochochewa na bakteria, nayo inaweza kula nusu milimita au zaidi kwa mwaka. Mkiona mabaka hayo, safisheni mpaka chuma kitupu, pimeni pande nne za nguzo, na kwenye kipima-unene cha mawimbi ya sauti mtumie hali ya mwangwi hadi mwangwi ili rangi isihesabiwe kuwa chuma. Kipimo kikileta namba kubwa ghafla mahali palipochimbika, kishukuni, kwa maana bamba likiwa jembamba mno baadhi ya vipima-unene husoma unene mara mbili.

3. Kizuizi cha mzigo huandikwa kwa ajili ya mlinzi wa lango na dereva wa kreni. “Mizigo mizito iepukwe” si kizuizi. Kwa gati hili tuliandika kPa 4, yaani takriban kilo 400 kwa kila mita ya mraba, tukataja sehemu zinazohusika kwa namba za safu za nguzo, tukaagiza zichorwe mistari sakafuni, na tukakataza kabisa miguu ya kreni kuwekwa humo, kwa kuwa mguu mmoja hukusanya mahali padogo mzigo ambao kPa haziuelezi. Barua ya kizuizi ilitangulia ripoti. Msisubiri jalada lifungwe wakati malori yanaendelea kuingia.

4. Vipaumbele havipangwi kwa ubaya wa picha. Rasimu iliweka vishikio vya ngazi vilivyooza katika nafasi ya kwanza, na nguzo ya pembeni iliyogongwa na mashua katika nafasi ya sita, kwa maelezo kwamba “imebonyea kidogo”. Kubonyea kwenyewe kulikuwa kidogo kweli. Lakini kiungo cha mshazari kilichoishikilia kilikuwa kimekatika kwenye uchomeleaji. Urefu ulio huru wa nguzo ukitoka mita 6 hadi mita 10, mzigo wa kuipinda kwa nadharia ya Oila unashuka hadi asilimia 36. Kurudisha kiungo hicho ni kazi ndogo kuliko zote, nayo imekuwa ya kwanza. Ngazi imefungwa kwa mnyororo siku hiyo hiyo, basi.

Ya pili ni ukanda wa maji kupwa: kifuniko cha zege lenye nondo, kinachoanzia na kuishia kwenye chuma kizima, pamoja na anodi. Anodi huzuia kutu inayokuja, hairudishi chuma kilichokwenda, na haisaidii sehemu ya nguzo iliyo nje ya maji, ambayo itapakwa rangi katika awamu ya tatu.

Muda wa kazi hii ya pili utokane na hesabu pia. Kwa chuma cha S275, bomba likivuka uwiano wa takriban 77 kati ya kipenyo na unene, ukuta wake huingia katika daraja ambalo unaweza kukunjika kabla chuma hakijafikia nguvu yake kamili. Nguzo yetu, ambayo kutu ya nje imekipunguza kipenyo chake hadi takriban milimita 398, iko 71. Ikipoteza nusu milimita nyingine itakuwa imevuka, na kwa kasi ya kutu tuliyoitaja hiyo ni takriban mwaka mmoja. Kwa hiyo tumeandika miezi sita, na vipimo vipya bamvua ijayo mahali pale pale palipotiwa alama.