F4 na orodha ya Undo: Word inahesabu nini kuwa tendo moja?

Wengi wanaoandika kwa Microsoft Word kwenye Windows wanajua kwamba kitufe cha F4 hurudia tendo la mwisho, lakini baada ya kukijaribu mara chache hukiacha kwa sababu huona kinafanya kazi nusu. Kwa uzoefu wangu wa kupanga taarifa na katiba za vikundi, tatizo haliko kwenye kitufe. Liko kwenye swali la nini ambacho programu inakihesabu kuwa tendo moja, na jibu lake ndilo linaloongoza pia orodha ya kutendua.

Chukua taarifa yenye vichwa vidogo vingi ambavyo vyote vinatakiwa kukolezwa wino, kuwekwa ukubwa wa 14 na kupewa rangi ya buluu. Ukikoleza kichwa cha kwanza kwa Ctrl+B, kisha ukabadilisha ukubwa, kisha ukaweka rangi, hayo ni matendo matatu, na F4 kwenye kichwa cha pili italeta rangi peke yake. Badala yake, chagua kichwa cha kwanza, bonyeza Ctrl+D ili kufungua dirisha la Font, weka mambo yote matatu humo, kisha bonyeza OK. Sasa yote yamekuwa tendo moja. Nenda kwenye kichwa kinachofuata, kichague kizima kwa kubofya mara tatu, kisha ubonyeze F4. (Kwenye kompyuta mpakato nyingi utalazimika kushikilia Fn.) Usipokichagua, neno lenye kasa ya kuandikia ndilo tu litakalobadilika, ilhali kwa mpangilio wa aya, kama vile nafasi kati ya mistari, inatosha kasa iwe ndani ya aya hiyo.

Kubofya mahali pengine au kusogeza ukurasa hakuhesabiwi kuwa tendo, kwa hiyo unaweza kupita kurasa nyingi na F4 ikabaki na kumbukumbu yake. Kuandika herufi moja, hata hivyo, ni tendo, na ukiona F4 inaingiza maandishi badala ya rangi, ujue uliandika kitu njiani. Katika hali hiyo anza upya kwa Ctrl+D kwenye kichwa ulichofikia, kwani ukitendua kwanza, F4 hugeuka kuwa kitufe cha kurudisha kilichotenduliwa.

Orodha ya kutendua hufunguliwa kwa kishale kidogo kilicho kando ya alama ya Undo. Tendo la karibuni liko juu, na ukishuka na kipanya, vyote vilivyo juu yake huchaguliwa pamoja nalo. Haiwezekani kuchomoa tendo moja la katikati na kuyaacha yaliyofuata.

Mwenzangu mmoja alitaka kubadilisha "kata" kuwa "wilaya" katika waraka mzima, akatumia Replace All, akaendelea kuandika aya mbili mpya. Ndipo akaona kwamba "mkataba" umekuwa "mwilayaba" na "inakataza" imekuwa "inawilayaza". Kusahihisha neno kwa neno kungechukua mchana mzima, na kutendua moja kwa moja kungefuta aya zake. Tulichofanya ni kuzinakili aya hizo mbili kwa Ctrl+C, kufungua waraka mpya kwa Ctrl+N na kuzibandika humo, kwa kuwa kila waraka wa Word una historia yake. Kisha tulirudi kwenye waraka wa kwanza, tukafungua orodha na kushuka hadi mstari wa Replace All, ambao ni tendo moja hata kama umegusa maneno mia, tukaubofya. "Mkataba" ukarudi kila mahali. Baada ya hapo tulizibandika zile aya, tukarudia ubadilishaji kwa kubofya More na kuchagua Find whole words only. Chaguo hilo haligusi "katani", hivyo maneno yenye kiambishi kama hicho yanatafutwa peke yake.

Tulipobandika aya zile, nafasi ya kurudisha yaliyotenduliwa ilipotea, kwa sababu tendo lolote jipya baada ya kutendua hufuta historia ya mbele. Kwa hiyo kama unarudi nyuma ili kutazama tu waraka ulivyokuwa, usiandike hata nukta, nakili unachohitaji, kisha bonyeza Ctrl+Y mara kwa mara hadi ufike ulikotoka.

Kuhifadhi kwa Ctrl+S hakufuti orodha, lakini kufunga waraka hufuta. Katika Excel tahadhari ni kubwa zaidi: kuendesha makro kwa kawaida huifuta historia yote, na karatasi nzima ya kazi ikishafutwa, Ctrl+Z haiirudishi. Huko pia F4 hurudia tendo unapokuwa nje ya fomula tu, maana ndani ya fomula huweka alama ya $ kwenye anwani ya seli.