Sebule ya mita sita kwenda juu: tufanyeje isivume wala isiwe baridi?

Swali: Shikamoo mhandisi. Tumehamia nyumba yetu Njiro, Arusha. Sebule ni mita 6 kwa 5, na dari iko mita 6 juu kwa sababu sehemu hiyo haina ghorofa. Chini ni taili, mbele kuna dirisha la kioo karibu mita 3 kwa upana linalopanda hadi mita 4.7 hivi. Tukiongea sauti zinagongana, watoto wakicheza nashikwa na kichwa, na jioni watu wote wanahamia jikoni. Nimenunua zulia la mita 2 kwa 3 lakini sioni tofauti. Mume wangu anataka tushushe dari ya jipsamu hadi mita 3. Tufanye hivyo? — Mama wa watoto watatu

Jibu: Marahaba, mama. Dari msiishushe kwanza. Fedha hiyo itafanya kazi kubwa zaidi ikiwekwa kwenye mapazia na kuta.

Kabla ya kununua kitu kingine, simama katikati ya sebule usiku kukiwa kimya, piga kofi moja kali, kisha sikiliza. Utasikia mambo mawili tofauti. La kwanza ni mvumo, sauti inayobaki hewani na kufifia polepole. La pili ni mtetemo wa haraka, "trrrr", kama mtu anayepitisha kijiti kwenye kitana. Mvumo unatokana na chumba kizima kukosa kitu cha kunyonya sauti. Mtetemo unatokana na kuta mbili tupu zinazotazamana na kurushiana sauti ileile. Kila kimoja kina dawa yake, na zulia lako dogo haligusi hata kimoja.

Mtu aliyetupa hesabu ya mvumo ni Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1895 alipewa ukumbi wa mihadhara ambao mwalimu akisema neno, lilikuwa bado linavuma wakati la tano au la sita linatoka. Sabine aliazima mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, akawa anaingiza michache usiku, anapima mvumo, anaongeza mingine, anapima tena. Aligundua kwamba muda wa mvumo unategemea ujazo wa chumba na kiasi cha vitu vinavyonyonya sauti. Kipimo chake kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa kuwa sauti ikitoka nje hairudi. Ndiyo maana tunasema kitu fulani kinanyonya sawa na mita kadhaa za mraba za dirisha wazi.

T = 0.16 × V ÷ A

T ni sekunde za mvumo, V ni ujazo, A ni hizo mita za dirisha wazi.

Sebule yako ina ujazo wa mita za ujazo 180. Taili hazinyonyi karibu chochote. Plasta iliyopakwa rangi hunyonya kama asilimia 2 tu ya sauti inayoigonga, dari ya jipsamu kama asilimia 5, na kioo kikubwa hukaribia hapohapo. Ukijumlisha vyote pamoja na seti ya makochi, chumba kizima kinanyonya kama dirisha wazi la mita za mraba 9. Zulia lako, kama ni jembamba, limeongeza nusu mita tu. Mvumo unakuwa sekunde 3 na zaidi, ilhali sebule ya kukaa na kuzungumza hupendeza ikiwa chini ya sekunde 1. Kwa urefu wa chumba chenu, mkifika sekunde 1 mtaona mmehamia nyumba nyingine.

Mkishusha dari hadi mita 3, ujazo utapungua nusu, lakini kuta zinazobaki ni zilezile ngumu, taili zilezile. Kwa hesabu hiyohiyo mtabaki na karibu sekunde 1.8, mtakuwa mmekata dirisha lenu katikati, na bado mtahitaji zulia na mapazia.

Anza na zulia, ila sasa liwe la mita 3 kwa 4, lenye manyoya mazito, na chini yake utandike kitako cha sponji nzito au cha sufi iliyoshindiliwa. Kitako hicho ndicho watu wengi wanachokiacha, na bila hicho zulia hunyonya sauti nyembamba tu. Miguu ya mbele ya makochi yote ikae juu ya zulia. Hapo umeongeza mita 4 za dirisha wazi, na mvumo umeshuka hadi sekunde 2.2 hivi.

Linalofuata ni pazia, nalo ndilo lenye nguvu kwenu kwa sababu kioo chenu ni kikubwa. Litoke juu ya dirisha hadi sakafuni, liwe la kitambaa kizito kama blanketi (mahameli ni kizuri sana), na lishonwe kwa mikunjo, upana wa kitambaa uwe mara mbili ya upana wa dirisha. Kwa dirisha la mita 3 nenda na vipande vitano vya upana wa mita 1.4, kila kimoja kama mita 5, yaani mita 25 za kitambaa. Ni nyingi, najua, lakini ukipunguza mikunjo unapoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Pazia la wavu halisaidii sauti hata kidogo. Likifungwa, pazia zito litaongeza kama mita 6.5 na kuwafikisha sekunde 1.5. Mchana likiwa limevutwa pembeni faida hupungua, lakini jioni ndipo mnakaa wote. Hiyo jioni ndiyo yenye baridi pia: Juni na Julai huko Arusha, kioo cha mita za mraba 14 humwaga hewa baridi miguuni mwenu kama maji, na pazia linalogusa sakafu huipunguza sana.

Sasa kuta. Hapa fundi seremala akutengenezee fremu kumi na moja za mbao, kila moja mita 1.2 kwa 0.6, ndani yake liwe bamba la sufi ya mawe lenye unene wa sentimita 5, aina ile inayozungushiwa mabomba ya mvuke na matanuri. Mbele vika kitenge au kikoi mnachokipenda. Kitambaa lazima kipitishe hewa: kiweke mdomoni, upulize, na kama pumzi inapita kwa urahisi kinafaa. Kitambaa chenye mpira au plastiki kwa nyuma kitarudisha sauti chumbani. Kabla ya kitambaa cha mapambo funika sufi kwa kitambaa chepesi ili nyuzi zisitoke, na mafundi wavae glavu na barakoa. Zikitundikwa kwa kuacha nafasi ya sentimita 5 kati ya fremu na ukuta, zitanyonya vizuri zaidi hata sauti nene ya wanaume. Kumi na moja zinatosha kuongeza mita 7, na mvumo unafika kama sekunde 1.1.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni fremu zote kupangwa kwenye ukuta mmoja nyuma ya televisheni. Chumba kirefu kina tabia yake: sehemu ya juu, mita 3 hadi 6, ni kuta tupu pande zote, na sauti hubaki inazunguka huko hata chini kukishatulia. Nimewahi kufanya sebule ya namna hii Iringa, tukaweka kila kitu usawa wa macho, na mwenye nyumba akaniambia "inavuma kwa juu". Alikuwa sahihi. Tulihamisha fremu nne hadi mita 4, na mvumo ukakatika. Kwenu weka sita kati ya mita 1 na 2.2 kutoka sakafuni, na tano juu ya mita 3.5. Kati ya kila kuta mbili zinazotazamana, angalau moja iwe na fremu, ili ile "trrrr" ife. Trei za mayai zisikushawishi. Hazinyonyi sauti za maongezi, na zikishika moto ni hatari. Sponji tupu ya godoro nayo ni vivyo hivyo kwa moto.

Fremu hizi hazizuii besi. Vijana wakifungua spika kubwa, mngurumo wa chini utabaki kwa kiasi fulani.

Chumba kikitulia masikioni, kinabaki kuwa kirefu machoni. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu na Unguja walijenga dari za juu bila vyumba kuonekana maghala. Boriti za mikoko ziliwalazimisha wabaki na upana wa karibu mita 3, na kwenye kuta walichonga zidaka, yaani vijishimo vya kuwekea vyombo, ambazo zilivunja ule ukuta mtupu na kulivuta jicho chini walipo watu. Ninyi hamwezi kubana upana, lakini jicho mnaweza kulishusha. Pitisheni mstari kuzunguka chumba kwenye mita 2.6: chini yake rangi nzito yenye joto, kama ya udongo au ya korosho, juu yake rangi nyeupe iliyofifia. Picha, makabati na rafu zote zikome chini ya mstari huo.

Taa inafuata mstari huohuo. Kama mna taa moja kubwa iliyobandikwa darini, inamulika hewa tupu na kuwaacha waliokaa katika mwanga hafifu wa kutoka mbali, na hapo ndipo chumba kinapohisi kama ukumbi wa mkutano. Ining'inizeni taa hiyo kwa waya mrefu hadi mita 2.3 juu ya sakafu, juu ya meza ndogo ya katikati. Ongezeni taa mbili za kusimama kwenye kona, zenye kivuli cha kitambaa, mwanga ukiwa usawa wa kichwa cha aliyekaa. Balbu ziandikwe 2700K. Zilizoandikwa 6500K hutoa mwanga wa buluu kama wa dukani. Usiku washeni hizi za chini tu, na sehemu ya juu ya chumba itapotea gizani.

Kuhusu baridi yenyewe: mkiwasha hita, hewa ya moto hupanda na kukaa kwenye dari. Pangaboi lenye swichi ya kugeuza mzunguko liwekwe liende taratibu kabisa, likivuta hewa kwenda juu, ili ile ya moto iteremke pembeni mwa kuta bila kuwapulizia upepo. Lining'inie kwenye bomba refu, mita 3 hadi 4 kutoka sakafuni. Huko juu darini halitawafikia.

Nunueni kwa mpangilio huu: zulia na kitako, pazia, kisha fremu sita za chini. Baada ya kila hatua rekodi kofi lako kwa simu ukiwa umesimama palepale, na usikilize rekodi zote mfululizo. Mkiridhika baada ya fremu sita, zile tano za juu zinaweza kusubiri. Mkisikia bado kuna sauti inayoning'inia juu ya vichwa vyenu, mwite fundi alete ngazi.